Tupeane uzoefu: Aliyekuunganisha na kazi, ulirudi kumwambia ilivyokwisha?

Karani_Mtulivu

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nina jambo limenikaa kooni kwa miezi saba sasa. Kaka mmoja niliyefanya naye kazi zamani alihamia kampuni nyingine. Nafasi ya msaidizi wa mhasibu ilipotokea huko, akanipigia simu mwenyewe. Hakunitumia tangazo tu na kuniambia "jaribu". Alikaa akajaza fomu ya ndani ya kampuni, akaeleza ananifahamu vipi, tulifanya kazi gani pamoja na kwa muda gani, akaambatanisha wasifu wangu. Baada ya hapo nikatumiwa kiungo cha kuombea.

Nikasailiwa kwa simu dakika ishirini hivi. Baadaye nikaitwa mbele ya wasaili watatu, nikapewa na jaribio la kulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha. Nililimaliza, tofauti yote nikaipata ilikotokea. Nilitoka pale nikijiona nimefanya vizuri. Siku ya tisa ikaja baruapepe ya mistari minne: wameamua kuendelea na mwombaji mwingine.

Usiku ule nilianza kumwandikia yule kaka mara tatu, nikafuta mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Ya pili ilisomeka kama namlaumu. Ya tatu ilikuwa ya kumwomba radhi, nami sikuona nimemkosea wapi. Nikasema nitamwandikia Jumatatu. Jumatatu ikapita. Wiki tatu zilipokwisha nikaanza kuona aibu ya kuchelewa juu ya ile ya kukosa, na kuanzia hapo kila siku ikawa nzito kuliko iliyotangulia.

Naomba tupeane uzoefu. Uliyepata, ulimshukuru vipi? Uliyekosa, ulimwambia nini, na baada ya muda gani? Na miezi saba bado inaandikika?

---

Msimamizi_wa_Zamu

Dada Karani, mimi niko upande wa pili wa hilo daraja. Kwa miaka sita nimependekeza watu kumi na mmoja pale kazini. Wanne waliajiriwa. Kati ya saba waliokosa, wawili tu ndio walionirudia.

Wengi hudhani mtu wa ndani anajua kila kinachoendelea. Hajui. Mimi nikishajaza fomu, kwenye mfumo naona neno moja, "inashughulikiwa". Baada ya wiki kadhaa linageuka "imefungwa", basi. Siioni alama yako, sioni sababu, hata kama uliitwa kwenye usaili sijui. Watu wa rasilimaliwatu hawaniambii, na wako sahihi, kwa sababu taarifa za maombi ni za mwombaji na si zangu. Ningeweza kumuuliza msaili tukikutana kwenye korido, lakini nikimuuliza kabla uamuzi haujatoka itaonekana nambana, na nikimuuliza baadaye itaonekana nalalamika. Kwa hiyo huwa nakaa kimya nikisubiri mwombaji aniambie. Asiponiambia, sitajua.

Madhara yake huja nafasi ya pili inapotokea. Nakukumbuka, lakini sijui kama bado unatafuta kazi. Sijui kama ulianguka kwenye jaribio au ulishindwa kwa nywele moja na mtu mwenye uzoefu zaidi. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Wa kwanza ningemwambia asubiri kwanza ajinoe, wa pili ningemrudisha wiki hiyohiyo. Nisipojua, naliacha jina lako pembeni, na si kwa chuki.

Wawili walionirudia waliandika mistari mitano au sita tu. Ya mmoja bado ninayo. Aliandika: "Dada, jibu limekuja leo, sikuchukuliwa. Nilifika usaili wa pili. Wamesema walihitaji mtu aliyewahi kusimamia timu. Nashukuru sana kwa kuliweka jina lako pamoja na langu. Huna haja ya kufuatilia, nimeridhika na utaratibu wao. Bado natafuta kazi za aina hiihii." Angalia alivyoipanga. Matokeo yapo mwanzoni, kisha hatua aliyofika, sababu kwa maneno yao wenyewe, shukrani, halafu ananipumzisha nisije nikahisi ninadaiwa nimtetee. La mwisho linaniambia nifanye nini nafasi ikitokea. Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kuhusu miezi saba, andika. Usimweleze kwa nini ulichelewa kwa aya nzima. Sentensi moja inatosha.

---

Fundi_Saa

Mimi ninavyojua, shukrani husubiri kipindi cha majaribio kiishe. Ukishukuru mapema halafu ukaachishwa mwezi wa pili, umemshukuru kwa kitu gani? Mimi nilikaa miezi mitatu, nilipothibitishwa ndipo nikampigia. Alifurahi.

---

Msimamizi_wa_Zamu

Kaka Fundi_Saa, simu ya mwezi wa tatu ni nzuri na usiiache. Wanaofika kuipiga ni wachache. Lakini ile miezi mitatu ya kimya mwenzako aliibeba vipi? Huenda alisikia kwa watu kwamba umeanza kazi. Mimi niliwahi kumkuta niliyempendekeza kwenye foleni ya kuchukua vitambulisho, siku yake ya kwanza. Nilimpongeza huku moyoni nikijiuliza kama nilimkwaza mahali.

Mimi naona mara tatu. Siku jina lako linapopelekwa, unamjulisha kwamba umeshaomba kupitia kiungo chake, na unamtajia jina kamili la nafasi. Jibu linapokuja, unamwambia siku hiyo au kesho yake, kabla hujatangaza kwa watu wengine. Kisha unarudi tena ukishazoea kazi. Hapo kwenye mara ya tatu ndipo wewe na mimi tunapokubaliana.

---

Mwalimu_Mstaafu

Wanangu, mimi nimekuwa mdhamini wa vijana wengi sana. Wanaandika jina langu na namba yangu ya simu chini ya wasifu, kisha napigiwa na watu nisiowatarajia nikiwa shambani. "Mwalimu, unamfahamu fulani? Mwaminifu? Anawahi kazini?" Najibu nikibabaika kwa sababu hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana nasema, kabla hujaandika jina la mtu, mwombe ruhusa.

---

Karani_Mtulivu

Shikamoo Mwalimu. Ulilosema nimelichukua. Ila hapa nilikuwa nauliza kuhusu aliyekutafutia mlango wa kuombea, si yule anayeulizwa tabia zako mwishoni.

---

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Basi nilisoma haraka. Lakini hata sisi wadhamini tunapenda kuambiwa. Kuna kijana nilimsemea kwa simu nusu saa nzima, mpaka leo sijui kama alipata. Ni mwaka wa nne huu.

---

Mtunza_Stoo

Karani, wacha nikupe yangu maana inafanana na yako hadi hapo kwenye baruapepe, kisha inachepuka.

Jamaa yangu wa zamani alinipigia pande kazi ya utunzaji stoo ya vipuri. Nikasailiwa kwa simu tu, sikuitwa tena. Baruapepe ya kukataliwa ilipokuja ilikuwa ya jumla, haikusema kitu. Nikajibu kwa adabu, nikashukuru kwa muda wao, nikauliza kama wanaweza kunitajia jambo moja la kuboresha. Si wote hujibu swali hilo. Yule afisa alijibu siku ya pili: "Hatukuona kwenye wasifu wako uzoefu wa kuhesabu mali kwa mzunguko."

Wakuu, mimi kazi hiyo nimeifanya miaka miwili mfululizo! Tulikuwa hatufungi stoo kuhesabu mara moja kwa mwaka. Kila Ijumaa tunachagua rafu chache, tunahesabu vilivyopo, tunalinganisha na daftari, tofauti tunaitafuta wiki hiyohiyo kabla kumbukumbu hazijapoa. Na liko kwenye wasifu wangu, ukurasa wa kwanza.

Hapo hasira zilinipanda. Nilitaka kumwandikia jamaa kwamba watu wake hawasomi. Namshukuru Mungu nililala kwanza. Asubuhi nikamwandikia hivi: "Kaka, habari za kazi. Jibu limetoka, sikupata. Nilisailiwa kwa simu tu. Sababu waliyonipa ni kwamba hawakuona uzoefu wa kuhesabu mali kwa mzunguko. Nakushukuru kwa kunisemea, najua ulitoa muda wako. Sikuombi uende kuuliza chochote, nimeona ni haki yako kujua."

Baada ya saa moja akanipigia. Akaniambia, "Hebu nisomee ukurasa wa kwanza wa wasifu wako." Nikamsomea. Kimya. Kisha akasema, "Huo sio niliopeleka mimi." Alikuwa amechukua wasifu wangu kwenye simu yake, niliomtumia miaka miwili nyuma nilipoachishwa kazi ya kwanza. Kwenye kiungo mimi nilipakia mpya, lakini msaili alichapishiwa ule uliokuja na fomu yake. Wote wawili tulikuwa tumefanya kila kitu kwa nia njema, na bado karatasi iliyofika mezani ilikuwa ya zamani.

Kama nisingemtajia sababu kwa maneno yaleyale, yeye angebaki akidhani nilibabaika kwenye simu. Na mimi ningebaki nikidhani hawasomi.

Hakwenda kuomba nafasi ifunguliwe upya, ilishapata mtu. Alichofanya ni kuwaomba waweke wasifu mpya kwenye kumbukumbu zao. Baada ya miezi minne wakaniita kwa mkataba wa miezi sita, mtu alikuwa na likizo ndefu. Niliufanya wote. Haukuongezwa. Nikamwandikia tena jamaa siku ya mwisho, nikamwambia umeisha na kwamba nimeondoka vizuri, stoo nimeikabidhi kwa hesabu iliyolingana. Hiyo ya pili nilijisikia vibaya kuliko ya kwanza kuiandika, lakini niliiandika.

Tangu hapo, mtu akiniambia atanipendekeza, namtumia wasifu siku hiyohiyo na jina la faili lina mwezi na mwaka. Namwambia, "tumia huu, mingine ifute."

---

Kijana_wa_Mitambo

Mtunza_Stoo, samahani mkuu, lakini mimi naona jamaa yako angeweza kusukuma zaidi. Kosa lilikuwa lake. Angemwambia meneja ukweli, ungesailiwa upya.

---

Mtunza_Stoo

Labda. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Ila mtu mwingine alikuwa ameshapewa barua. Na mimi nilishamwandikia kwamba simwombi kitu, nisingeweza kurudi kuomba.

---

Dereva_wa_Usiku

Mimi nilipata kazi kupitia mtu, na mshahara wa kwanza ulipotoka nikampelekea nusu. Nilitaka ajue naithamini nafasi aliyonipa. Alikataa nikamlazimisha, mwishowe akapokea. Lakini tangu siku ile hatuko sawa. Ananikwepa. Mpaka leo sijaelewa nilikosea wapi, nilitoa kwa moyo mweupe.

---

Afisa_Ajira

Kaka Dereva, kazi yangu ni kuajiri, nitakueleza kinachoweza kuwa kimemkuta. Baadhi ya sehemu zenye utaratibu wa wafanyakazi kupendekeza watu, mfanyakazi hukiri kwenye fomu kwamba hana maslahi ya siri na huyo mtu. Fedha ikipita mkono kutoka kwa aliyeajiriwa kwenda kwa aliyempendekeza, kwa mtu wa nje inasomeka kama kazi imenunuliwa. Hata kama nyinyi wawili mnajua haikuwa hivyo, yeye hawezi kuithibitisha. Akiulizwa, anaweza kupoteza kazi yake. Nadhani anakukwepa kwa hofu, si kwa chuki.

Na kuna jambo jingine. Baadhi ya waajiri humlipa mfanyakazi bonasi mtu wake akiajiriwa. Kwa hiyo inawezekana alikwisha kupata chake kwa njia halali, ndiyo maana alikukatalia.

Ningekuwa wewe ningekwenda ana kwa ana, nimwambie: "Nilikupa bila kujua ingeweza kukuweka pabaya. Ukinirudishia sitakasirika." Halafu umwachie yeye achague.

---

Dereva_wa_Usiku

Nimesoma mara mbili. Ahsante sana. Nitamtafuta Jumapili.

---

Mshonaji_Mipaka

Hiyo bonasi iliniweka mimi kwenye mtihani. Niliajiriwa kupitia shoga yangu. Kufika wiki ya saba, nikajua ile kazi sitaiweza. Zamu zilibadilishwa tofauti na tulivyokubaliana kwenye usaili, na nina mtoto mdogo. Nilishaamua kuondoka.

Shoga yangu alikuwa ameniambia zamani kwamba bonasi yake hutoka kwa mafungu mawili, la pili baada ya mimi kutimiza siku 90. Siku 49 nilizokaa hazikutosha. Nilijua nikiondoka namkosesha fedha.

Nilimpigia jioni, kabla sijaandika barua ya kuacha kazi. Nilimwambia, "Kesho asubuhi nampa barua msimamizi. Nimeona uisikie kwangu kwanza. Zamu zimebadilika, nimejaribu kuzungumza nao mara mbili, haikuwezekana. Najua fungu lako la pili litapotea na linaniuma." Alinyamaza, kisha akaniuliza kama nimeshapata kazi nyingine. Nikamwambia bado. Akasema, "Basi usitoke na maneno mabaya, niachie mlango." Nilitumikia notisi yote. Sikumlipa hiyo fedha, wala yeye hakuniomba. Nilijiuliza kama nilipaswa, na baada ya kusoma maelezo ya Afisa_Ajira hapo juu nafurahi sikufanya hivyo.

Kesho yake bosi wake alimwita kumuuliza kwa nini mtu wake anaondoka. Alikuwa na jibu. Hilo ndilo lililomfanya asiniwekee kinyongo, aliniambia mwenyewe baadaye.

---

Binti_Takwimu

Nami naomba ushauri kwa la kwangu maana halifanani na yaliyosemwa.

Nilipendekezwa na mama mmoja mkubwa kwangu, namheshimu sana. Kwenye usaili, mmoja wa wasaili aliniuliza kama nina mpango wa kuzaa mwaka huu au mwakani. Nikamjibu kwamba sipendi kulizungumzia hilo. Baridi ikaingia chumbani. Wiki mbili baadaye nikakosa, sababu rasmi ni "uzoefu". Yule mama ananiuliza ilikuwaje. Nimemwambia tu nimekosa na nashukuru. Je, nimwambie na lile swali? Msaili mwenyewe anakaa naye meza jirani.

---

Kijana_wa_Mitambo

Mwambie. Kama watu wake wanauliza hivyo lazima ajue, atapeleka wengine hapohapo.

---

Afisa_Ajira

Swali lile halikupaswa kuulizwa, kwa usaili wowote. Hilo tukubaliane kwanza.

Kumwambia, mimi ningetenganisha mambo mawili. Kumjulisha ni jambo moja, kumtwika ni jingine. Ukimwandikia kwenye meseji, umempa maandishi yanayomtaja mwenzake, na akinyamaza baadaye ataonekana alijua. Kama unataka malalamiko yafanyiwe kazi, yaende kwa watu wa rasilimaliwatu kutoka kwako mwenyewe, kwa tarehe na kwa maneno uliyoyasikia. Yule mama unaweza kumweleza kwa mdomo mkikutana.

---

Msimamizi_wa_Zamu

Hapa natofautiana kidogo na Afisa. Ningekuwa mimi ndiye huyo mama, ningetaka kujua, na ningetaka kujua mapema. Nimempeleka binti wa watu chumba kile kwa jina langu. Ningejisikia vibaya mno kusikia baada ya mwaka kwamba alibeba hilo peke yake ili kunilinda mimi. Lakini kweli, kwa mdomo, si kwa maandishi.

---

Binti_Takwimu

Nawashukuru wote. Sijaamua. Wiki ijayo nitakuwa naye kwenye shughuli, nitaangalia uso wake kwanza.

---

Mpishi_wa_Zamani

Fupi tu kwa waliopitia watu wawili. Mimi nilimshukuru aliyejaza fomu, nikamsahau aliyenitambulisha kwake. Nilikuwa nimeshapata kazi miezi miwili, huyu wa kwanza bado anaulizia kwa watu wengine nafasi kwa ajili yangu. Alipogundua hakusema neno, ila niliona alivyovunjika. Tazameni mnyororo mzima hadi kwa aliyeanza.

---

Fundi_Saa

Nimerudi. Nimesoma yote. Yule aliyenipeleka nimempigia leo nikamuuliza ile miezi mitatu ilikuwaje kwake. Amesema alijua nimeanza kazi kwa kuona gari la kampuni linanishusha. Akasema, "Nilidhani umenuna." Sikuwahi kufikiri.

---

Karani_Mtulivu

Wakuu, nimeandika.

Jana saa mbili usiku. Nilichukua mpangilio wa yule wa Msimamizi. "Kaka, shikamoo. Nimechelewa sana kukuandikia hili, unisamehe. Ile nafasi ya msaidizi wa mhasibu sikuipata. Nilifika usaili wa pili na jaribio nililimaliza. Sababu hawakunipa, walisema tu wameendelea na mwombaji mwingine. Nakushukuru kwa kunijazia fomu na kwa ulivyonieleza mbele yao. Sasa nafanya kazi ya muda mahali pengine, na bado natafuta ya kudumu." Nikaituma nikaweka simu kifudifudi mezani.

Ilikaa na tiki mbili mpaka saa nne. Kisha akajibu: "Marahaba dada. Kumbe ulifanya mpaka jaribio? Mimi niliambiwa ulikataa tarehe ya kuanza."

Nimekaa na sentensi hiyo usiku kucha. Sikukataa tarehe yoyote. Kwenye usaili waliniuliza naweza kuanza lini, nikasema nina notisi ya mwezi mmoja pale nilipokuwa. Basi. Nilimweleza hivyohivyo. Akasema meneja alimtajia jambo hilo wakipita tu mlangoni, wiki ileile, naye akadhani nimepata pazuri zaidi na sikutaka kumwambia. Miezi saba yeye alikuwa na hadithi hiyo, mimi nina ya kwangu.

Amesema hatalifukua lililopita, na mimi sikumwomba. Ila ameniuliza notisi yangu ya sasa ni ya siku ngapi. Nimemwambia ni siku saba, na nimemtumia wasifu wa mwezi huu.

Afisa_Ajira, nikuulize wewe: ukisema "notisi ya mwezi" kwenye usaili, ni kawaida isomeke kama kukataa? Au kuna namna ya kuisema?